Kukataliwa Migori, Kimya Homa Bay

Simu mbili zilinifikia wiki moja, na wote waliopiga walianza kwa maneno yale yale: "Fundi, mtandao umeanguka." Wa kwanza alikuwa afisa wa rekodi katika hospitali moja ya Kaunti ya Migori. Wa pili alikuwa karani wa data katika kituo cha afya kilicho upande wa ziwa, Kaunti ya Homa Bay. Kila mmoja alikuwa akitoa ripoti ya mwezi kwa laptopu inayosoma moja kwa moja hifadhidata ya wagonjwa iliyo ndani ya seva ya kituo, na kila mmoja alikwama kabla hata ya kufika kwenye data. Niliwaomba wanisomee kilichoandikwa kwenye skrini. Wa Migori alisoma hivi:

```
ERROR 2003 (HY000): Can't connect to MySQL server on '192.168.1.10:3306' (111)
```

Wa Homa Bay akasoma hivi:

```
ERROR 2003 (HY000): Can't connect to MySQL server on '192.168.8.10:3306' (110)
```

Ukiacha anwani, sentensi ni moja, na watu wengi huishia kwenye sentensi. Habari yote imo kwenye ile namba ya mabano mwishoni. Kwenye Linux, 111 maana yake muunganisho umekataliwa, na 110 maana yake muda umekwisha bila jibu. Laptopu hizi zilikuwa za Ubuntu. Kwenye Windows namba zingekuwa 10061 na 10060.

Kisha nikawauliza swali la pili, ambalo kwangu lina uzito sawa na namba yenyewe: ujumbe huo ulikuja baada ya muda gani? "Hapo hapo, hata sijatoa kidole kwenye kibodi," akasema wa Migori. Wa Homa Bay akasema, "Omera, nilingoja hadi nikaenda kumwaga chai kwenye kikombe nikarudi. Dakika mbili hivi." Kwa majibu hayo tu nilijua kwamba Migori tatizo liko ndani ya mashine moja na ningeweza kulimaliza kwa simu. Homa Bay nilijua kwamba bado sijui kitu, na huenda nikapanda matatu.

Mfumo wenyewe wa rekodi za wagonjwa unaitwa KenyaEMR. Umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza mwaka 2004 na ambayo sehemu ya mizizi yake imo katika kliniki za Eldoret. Toleo la Kenya lilianza kuwekwa vituoni mwaka 2012, hasa kwa ajili ya wagonjwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU. Kando ya ziwa mafaili ni mengi mno kwa kabati. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 uliiweka Homa Bay juu ya kaunti zote kwa maambukizi, karibu watu wazima 20 katika kila 100, na Migori ilikuwa miongoni mwa kaunti za juu.

Ndani ya kituo cha kawaida mpangilio ni mwepesi. Kuna kompyuta moja ya Ubuntu inayofanya kazi ya seva. Juu yake kuna Tomcat, inayosikiliza poti 8080. Hapo ndipo madaktari na wauguzi huingia kwa kivinjari kutoka vyumba vyao. Nyuma yake kuna MySQL, inayosikiliza poti 3306, na humo ndimo rekodi zinamolala. Kompyuta ya chumba cha daktari haigusi poti 3306 hata siku moja. Inaongea na Tomcat, na Tomcat ndiyo inayokwenda kwa MySQL, ndani ya mashine ile ile, kupitia anwani 127.0.0.1. Anayegusa 3306 kutoka nje ya seva ni mtu wa ripoti peke yake. Ndiyo maana vituo vyote viwili viliendelea kuhudumia wagonjwa wiki ile huku ripoti zimekwama, na ndiyo maana kauli ya kwamba mtandao umeanguka haikuwa kweli kwa yeyote kati ya hao wawili.

Sasa tuangalie kinachotokea kabla ya hifadhidata kuulizwa chochote. Laptopu hutuma pakiti ndogo ya kuomba muunganisho, iitwayo SYN, kwenda anwani fulani na poti fulani. Ni hodi. Anayepiga hodi nyumbani kwa mtu anaweza kupata moja kati ya mambo matatu. Anaweza kusikia "karibu": seva inarudisha SYN-ACK na mazungumzo yanaanza. Anaweza kusikia sauti kutoka ndani ikisema, "Hapa hakuna mtu huyo": seva inarudisha pakiti ya kukatisha, iitwayo RST, na laptopu inaandika 111. Au anapiga hodi, anapiga tena, anapiga tena, na hakuna sauti. Huyo wa tatu ndiye anayeandika 110.

Jibu la pili ni la lazima kwa kanuni. Waraka wa TCP wa Septemba 1981, RFC 793, ulisema kwamba pakiti ikifika mahali ambapo hakuna muunganisho wala msikilizaji, ijibiwe kwa RST, na waraka uliouchukulia nafasi Agosti 2022, RFC 9293, haukubadilisha hilo. Kwa hiyo kompyuta iliyo hai, iliyopokea hodi na isiyozuiwa, haina ruhusa ya kunyamaza.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, nao hupotezwa na neno lenyewe. Wakisoma kwamba wamekataliwa, wanadhani MySQL imewaangalia ikawakataa, na wanakimbilia nywila. Nimeona vituo ambako nywila ilibadilishwa mara tatu kwa siku moja kwa sababu ya 111. Anayejibu RST si MySQL. Ni Linux yenyewe, na inajibu hivyo kwa sababu hakuna programu inayosikiliza kwenye anwani na poti iliyoulizwa. Nywila haijatumwa, jina la mtumiaji halijatumwa, MySQL haijui kwamba kuna mtu aliyebisha. Siku nywila inapokuwa ndilo kosa, ujumbe ni mwingine kabisa, namba 1045, na unatoka kinywani mwa MySQL.

Turudi Migori. Kukataliwa papo hapo kulinipa mambo matatu bila kutoka nilipoketi. Pakiti ilikwenda. Kuna kompyuta iliyoipokea. Na jibu lilirudi kwa njia ile ile. Kebo, swichi, waifai na fayawoli inayomeza pakiti kimyakimya, vyote vilikuwa vimejiondoa kwenye orodha ya washukiwa. Lililobaki ni kumwuliza Linux wa seva ile nani anasikiliza wapi:

```
sudo ss -ltnp | grep -w 3306
```

Amri hiyo ina majibu mawili yanayofaa kutenganishwa kwa makini. Isipotoa mstari wowote, MySQL haifanyi kazi kabisa, au inafanya kazi bila kusikiliza mtandao. Katika pande hizi kisa cha kawaida ni umeme. Unapotea ghafla, UPS ina betri iliyochoka, seva inazimika katikati ya kuandika. Umeme ukirudi, MySQL huamka na kuanza kusoma kumbukumbu zake ili kukamilisha au kufuta kazi zilizokatika, na hadi imalize haifungui poti 3306. Kwenye mashine ya zamani yenye diski inayozunguka jambo hilo linaweza kuchukua dakika kadhaa, na dakika zote hizo kila anayebisha anapata 111. Tomcat ikiwahi kuamka kabla yake, nayo inakataliwa, na KenyaEMR inatoa ukurasa mrefu wa makosa ya Java ambao watu huupiga picha sehemu ya juu tu. Sehemu ya juu husema mawasiliano yamefeli. Lenye maana liko chini kabisa:

```
Caused by: java.net.ConnectException: Connection refused
```

Anayeona hilo baada ya umeme kurudi asiwashe seva upya. Akiizima katikati ya kazi ile ya kujitengeneza, MySQL itaanza tena kutoka mwanzo. Asubiri mstari wa 3306 utokee kwenye `ss`, kisha awashe Tomcat peke yake. Usipotokea, atazame diski kwa `df -h`, kwa maana diski iliyojaa huangusha MySQL kwa namna inayofanana sana na hii.

Migori mstari ulikuwepo. Afisa alinisomea, nami nilimwomba arudie polepole safu ya anwani:

```
LISTEN 0 151 127.0.0.1:3306 0.0.0.0:*
```

Hapo ndipo penye jibu. MySQL ilikuwa hai na ilikuwa inasikiliza, lakini kwenye 127.0.0.1 tu, anwani ambayo kompyuta huitumia kujisemesha yenyewe. Anayebisha kwa 127.0.0.1 kutoka ndani ya seva anakaribishwa. Anayebisha kwa 192.168.1.10 kutoka chumba cha pili anaambiwa hapa hakuna mtu, na anaambiwa ukweli. Ubuntu huja na mpangilio huo, ndani ya `/etc/mysql/mysql.conf.d/mysqld.cnf`, kwenye mstari wa `bind-address`, na ni mpangilio mzuri: hifadhidata isionekane nje hadi mtu aamue ionekane. Nilipouliza kilichofanyika karibuni, nikaambiwa kuna aliyekuja kuweka MySQL upya Ijumaa. Alirudisha data yote sawasawa. Faili ya mpangilio hakuigusa, kwa hiyo ilirudi ilivyotoka kiwandani.

Marekebisho yanaonekana mepesi, na ndiyo maana nataka kukaa hapa kidogo. Mtu wa haraka angeandika `bind-address = 192.168.1.10` na kuwasha MySQL upya. Laptopu ya ripoti ingefika. Lakini KenyaEMR ingeanguka dakika ile ile, kwa sababu faili yake ya mpangilio inasema hifadhidata iko `localhost:3306`, na Java huenda huko kwa TCP kupitia 127.0.0.1, mlango ambao sasa hauna msikilizaji. Ungekuwa umehamisha kukataliwa kutoka kwa mtu wa ripoti ukampelekea kila daktari hospitalini. Linalochanganya zaidi ni kwamba fundi akijaribu kwa `mysql -h localhost` akiwa ndani ya seva ataingia bila shida, kwa maana amri hiyo, ikisikia neno localhost, haipiti TCP hata kidogo. Inapita soketi, faili maalumu ndani ya `/var/run/mysqld`. Anayetaka kujaribu njia ambayo Tomcat inapita aandike `-h 127.0.0.1`.

MySQL kuanzia toleo 8.0.13 inakubali anwani zaidi ya moja, na ndiyo tuliyotumia:

```
bind-address = 127.0.0.1,192.168.1.10
```

Kwa toleo la 5.7 na yaliyotangulia hakuna njia hiyo. Inabidi kuandika `0.0.0.0`, maana yake sikiliza kwenye anwani zote, kisha kuachia fayawoli kazi ya kuchagua nani afike. Na hata mstari huu wa anwani mbili una sharti lake: anwani 192.168.1.10 iwe imefungwa kwa seva hiyo. Seva ikiwa inapewa anwani na ruta, na siku moja ruta ikaipa .14, MySQL itashindwa kuishika anwani isiyokuwa yake na itakataa kuwaka. Utarudi kwenye 111, safari hii kwa watu wote.

Baada ya kuwasha upya, afisa alijaribu tena na kunisomea ujumbe mpya kwa sauti ya kukata tamaa: namba 1130, mashine yako hairuhusiwi kuunganishwa na seva hii. Mimi nilifurahi. Ujumbe huo umeandikwa na MySQL. Hodi imeitikiwa, mlango umefunguliwa, na sasa mwenye nyumba anauliza wewe ni nani. Kilichobaki kilikuwa kumfungulia mtumiaji wa ripoti ruhusa ya kusoma tu kutoka anwani ya laptopu ile, kazi ya dakika tano.

Homa Bay ilinidai zaidi. Kimya hakina kauli, na kila unalolijua juu ya kimya ni lile ulilolithibitisha kwa njia nyingine. Sikuweza hata kusema kama MySQL iko hai. Kama fayawoli inameza pakiti mlangoni, mtu wa nje atangoja sawasawa, MySQL iwe hai au iwe imekufa.

Karani alikuwa ameshafanya jaribio moja kabla ya kunipigia, nalo lilimpotosha. Aliipigia seva ping ikajibu. Akatoa hoja kwamba njia iko sawa, basi MySQL imeharibika. Lakini ping haigusi poti yoyote. Ni aina nyingine ya pakiti, na ufw, fayawoli ya Ubuntu, huiruhusu hata inapofunga kila kitu kingine. Ping ikijibu, umejua kwamba seva imewaka na kuna njia ya kwenda na kurudi. Kuhusu 3306 hujaambiwa lolote.

Zile dakika mbili alizozitaja zina hesabu yake. Linux kwa mpangilio uliozoeleka hutuma SYN ya kwanza, ikikosa jibu hutuma tena baada ya sekunde 1, kisha baada ya sekunde 2 nyingine, kisha 4, 8, 16 na 32, kila kusubiri mara mbili ya kulikotangulia. Baada ya kurudia mara sita hungoja tena sekunde 64 ndipo hukata tamaa. Ukijumlisha ni sekunde 127. Matoleo mapya kabisa ya Linux hupanga marudio hayo tofauti na hukata tamaa mapema, na Windows hungoja kama sekunde 21 tu. Programu nyingine zina subira yao wenyewe: ukiona ripoti ya Java inakufa kila mara kwenye sekunde ya kumi kamili, mtu ameandika sekunde 10 mahali fulani. Kwa hiyo saa ya mkononi inaweza kukuambia ni nani aliyechoka kungoja. Kwa nini hakujibiwa, hilo haliko kwenye saa.

Nilipanda matatu asubuhi iliyofuata, nikabadilisha gari Rodi Kopany, na saa nne na nusu nilikuwa mbele ya seva. Kuna kifaa kimoja cha kutatua kimya, nacho ni kusimama mlangoni na kusikiliza kama hodi inafika. Nilifungua `tcpdump` kwenye seva, nikamwomba karani ajaribu kutoka chumba chake:

```
sudo tcpdump -ni any tcp port 3306
```

Haikuchukua muda, mistari ikaanza kushuka. Hii ni mistari minne ya mwanzo, nimeikata upande wa kulia:

```
10:42:07.118 IP 192.168.8.23.51844 > 192.168.8.10.3306: Flags [S]
10:42:08.140 IP 192.168.8.23.51844 > 192.168.8.10.3306: Flags [S]
10:42:10.156 IP 192.168.8.23.51844 > 192.168.8.10.3306: Flags [S]
10:42:14.188 IP 192.168.8.23.51844 > 192.168.8.10.3306: Flags [S]
```

Tazama saa. Sekunde 1, kisha 2, kisha 4. Ni hodi ile ile ikirudiwa kwa mwendo wake, kutoka poti ile ile 51844. Na tazama kisichokuwepo: hakuna hata mstari mmoja unaotoka 192.168.8.10 kurudi. Ingekuwa MySQL imekufa, ningeona `[R.]` ikirudi mara moja. Ingekuwa hai na iko wazi, ningeona `[S.]`. Ingekuwa kebo imekatika au swichi imezimika njiani, nisingeona kitu chochote, hata ile hodi ya kwanza. Hapa hodi inafika hadi kizingitini na inapotelea ndani ya nyumba. `tcpdump` husikiliza kabla ya fayawoli, ndiyo maana inaona pakiti ambazo fayawoli itazimeza mara tu baadaye. Mshukiwa akawa mmoja.

```
sudo ufw status
```

```
8080/tcp    ALLOW    Anywhere
22/tcp      ALLOW    Anywhere
3306/tcp    ALLOW    192.168.1.0/24
```

Aliyeandika kanuni hizi alikuwa mwangalifu, na namheshimu. Alifungua Tomcat kwa kila mtu kituoni, na hifadhidata akaifungua kwa mtandao wa ndani peke yake, anwani zinazoanza na 192.168.1. Lakini wiki mbili kabla, radi ilikuwa imeunguza ruta ya kituo, na ruta mpya ya laini ya simu iliyoletwa ilikuja na anwani zake za kiwandani, zinazoanza na 192.168.8. Seva ilipewa anwani mpya, kompyuta zote zikapata anwani mpya, KenyaEMR ikafunguka, kila mtu akarudi kazini. Kanuni ya tatu ikabaki inalinda mtandao ambao haupo tena. Kwa wiki mbili hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna anayegusa 3306 hadi mwisho wa mwezi.

Ushahidi wa mwisho ulikuwa kwenye `/var/log/ufw.log`: mistari yenye `[UFW BLOCK]`, `SRC=192.168.8.23` na `DPT=3306`. Nilifungua njia kwa mtandao mpya na nikaifuta kanuni ya zamani:

```
sudo ufw allow from 192.168.8.0/24 to any port 3306 proto tcp
sudo ufw delete allow from 192.168.1.0/24 to any port 3306 proto tcp
```

Laptopu ikaingia. Msaidizi kijana aliyekuwa akitazama akaniuliza kwa nini nisingezima ufw tu kwa `sudo ufw disable`, ikaisha. Ingeisha kweli, na siku ile ningesifiwa kwa haraka. Lakini ndani ya hifadhidata ile mna jina, kijiji, namba ya simu na hali ya VVU ya kila mtu anayehudumiwa pale, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Waifai ya kituo hicho, nywila yake imeandikwa kwa kalamu ukutani pa chumba cha kusubiria. Nilimwonyesha ukuta huo, akanielewa.

Nimegawa mambo kana kwamba 111 daima ni programu na 110 daima ni njia. Kwa kazi nyingi mgawanyo huo unatosha kukuanzisha, ila una mianya, na mmoja uliwahi kunilia siku nzima.

Ulikuwa ni 111 pia, papo hapo, katika kituo kingine. Nilikwenda kwenye seva, `ss` ikanionyesha MySQL inasikiliza kwenye anwani zote, fayawoli imezimwa, na `tcpdump` haikuonyesha hodi hata moja. Kwa mujibu wa yote niliyokwisha kusema, jambo hilo haliwezekani: aliyekataliwa lazima awe amefika. Alikuwa amefika kweli, ila kwa nyumba nyingine. Ruta ilikuwa imeipa printa mpya anwani ya seva. Laptopu ilikuwa inabisha kwa printa ikiuliza habari za MySQL, na printa, ikifuata kanuni ile ile ya mwaka 1981, ilikuwa inajibu kwa uaminifu kwamba haina mtu huyo. Amri ya `ip neigh` kwenye laptopu huonyesha anwani ya kadi ya mtandao iliyoko nyuma ya kila IP, na ukiilinganisha na ile ya seva utajua unaongea na nani. Tangu siku hiyo, 111 ikinijia, la kwanza ninalothibitisha ni kwamba jibu limetoka kwa seva ninayoidhania.

Fayawoli nayo inaweza kukataa kwa sauti. Kanuni ikiandikwa `REJECT` mahali pa `DROP`, mbishaji anarudishiwa jibu la haraka, na laptopu ya Linux huandika 111 kana kwamba hakuna msikilizaji. Na kimya kinaweza kutoka kwa MySQL iliyo hai na iliyo wazi lakini imezidiwa: foleni ya wanaobisha ikijaa, Linux huzitupa SYN mpya bila kujibu. Dalili yake ni kwamba kimya hicho huja na kwenda. Ukijaribu mara kumi, mara nne unaingia. Fayawoli haina tabia hiyo. Ikikufungia, inakufungia mara zote kumi.

Kuna pia namba ya tatu, 113, inayosema hakuna njia ya kufika, na mara nyingi huja baada ya kama sekunde tatu. Kwenye mtandao mmoja wa ndani hiyo ndiyo namba utakayoiona seva ikiwa imezimwa kabisa, kwa sababu laptopu huuliza kwanza nani mwenye anwani hii, na hakuna anayeitikia. Kwa hiyo 110 ndani ya kituo kimoja ni kidokezo chenyewe kwamba kuna mashine iliyo hai kwenye anwani hiyo, au kwamba umeandika anwani ya mtandao mwingine na pakiti zako zinatoka nje kupitia ruta na kupotelea huko.

Kimya cha kutoka mbali ni habari nyingine. Mwezi uliofuata afisa wa Migori alitaka kusaidia wenzake wa Homa Bay akiwa mezani kwake, akanipigia kuniambia anapata 110. Alikuwa ametumia anwani ya nje ya ruta ile ya laini ya simu. Ruta za namna hiyo huwa hazina anwani yake peke yake kwenye intaneti. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hodi inayotoka nje haina wa kufikishiwa, kwa hiyo hutupwa. Hata ungefungua poti zote za seva, hakuna hata pakiti moja ingeifikia. Hapo anayeanzisha safari ni seva yenyewe: inafungua njia ya siri ya SSH kutoka ndani kwenda kwenye mashine yenye anwani ya wazi, na msaidizi anapita humo. Poti 3306 inabaki imefungwa kwa dunia, kama inavyotakiwa.

Wiki iliyopita karani wa Homa Bay alipiga simu tena, saa moja asubuhi, baada ya usiku wa mvua na umeme kukatika mara mbili. Hakusema mtandao umeanguka. Alisema, "Omera, ni mia moja na kumi na moja, na imekuja hapo hapo. Nimeangalia `ss`, hakuna mstari wa 3306. Sijazima kitu. Nangoja." Tuliendelea kuongea habari za barabara na bei ya omena. Baada ya dakika sita akasema mstari umetokea, anakwenda kuwasha Tomcat.